Simu Isiyotetema: Kuitafuta Hitilafu Kuanzia Mipangilio hadi Kwenye Mota

Simu inaita, mlio unasikika, lakini mfukoni hakuna kinachotikisika. Ukiandika ujumbe, herufi zinatokea kwenye kioo bila kile kigongo kidogo ambacho kidole kimekwisha kukizoea. Wengi wakifika hapo huhukumu mara moja kwamba mota imekufa, wakaagiza nyingine, na baadhi yao hugundua baada ya kuifungua simu kwamba hata hiyo mpya haitetemi. Kosa lao ni kwamba waliruka swali la kwanza, nalo ndilo linalookoa muda kuliko yote: je, simu haitetemi kabisa, au haitetemi kwa jambo fulani tu?

Katika simu nyingi mota ni moja. Ndiyo inayotikisa simu inapopigiwa, ndiyo inayogonga unapobonyeza kibodi, na ndiyo inayotetema kengele ya asubuhi inapolia. Kwa hiyo, ikiwa kibodi inagonga lakini simu ikipigwa haitetemi, mota haina hatia, na nyaya zake pia hazina hatia. Kuna mpangilio mahali fulani unaozuia mtetemo wa simu zinazoingia. Hali kadhalika kinyume chake. Ni pale tu ambapo kila kitu kimenyamaza, yaani simu, kibodi, kengele na jaribio la moja kwa moja nitakalolieleza chini, ndipo inapokuwa na maana kuchukua bisibisi.

Simu inatetema kwa jambo moja, inanyamaza kwa jingine

Tuanze na hali mbili zinazofanana kama sarafu na upande wake wa pili, kwa sababu zikieleweka, sehemu kubwa ya malalamiko humalizika bila kufungua chochote.

Hali ya kwanza ni simu ambayo haitetemi inapopigiwa, lakini kibodi na vitufe vya kioo bado vinagonga. Kwenye Android, simu ikiwekwa katika hali ya kimya kabisa, mfumo huzuia mtetemo wa mlio na wa arifa, lakini kwa kawaida hauugusi ule wa kidole. Hali ya kimya na hali ya kutetema ni vitu viwili tofauti, ingawa alama zake juu ya kioo zinakaribiana, na kitufe cha sauti kikibonyezwa mara moja zaidi mfukoni, simu inaweza kutoka kwenye moja ikaingia kwenye nyingine. Hali ya kutosumbuliwa nayo hufanya kazi hiyo hiyo, na hatari yake ni kwamba inaweza kuwa imepangiwa saa, kwa hiyo mwenye simu anasema kwa dhati kwamba mchana inatetema na usiku haitetemi, kana kwamba mota ina zamu. Baada ya hapo angalia swichi ya mtetemo wa mlio wenyewe, ambayo katika simu nyingi iko chini ya "Sound & vibration", na ikiwa kuna kipimo cha nguvu ya mtetemo, hakikisha cha simu zinazoingia hakijavutwa hadi mwanzo. Simu nyingi zina vipimo vitatu tofauti: cha simu, cha arifa na cha kugusa. Kimoja kinaweza kuwa sifuri huku vingine vikiwa juu.

Hali ya pili ni kinyume: simu ikipigwa inatetema vizuri, lakini kibodi imekufa ganzi. Hapa mshukiwa wa kwanza ni kiokoa betri. Android inapoingia katika hali ya kuokoa chaji huacha mtetemo wa simu zinazoingia na wa kengele uendelee, lakini huukata ule wa kugusa, kwa hoja kwamba mtu anaweza kuandika bila kuhisi kigongo lakini hawezi kupokea simu asiyoisikia. Ikiwa kiokoa betri kimepangwa kujiwasha chaji ikifika asilimia fulani, dalili itakuja na kuondoka yenyewe, na hapo ndipo watu hudhani kuna waya uliolegea. Mshukiwa wa pili ni kibodi yenyewe, kwa sababu programu ya kibodi ina swichi yake ya mtetemo iliyo ndani ya mipangilio yake, mbali na ile ya mfumo. Ukitaka kujua kama tatizo ni la kibodi peke yake, bonyeza kwa muda mrefu aikoni yoyote kwenye kioo cha mwanzo: ikigonga, mtetemo wa kugusa upo, na kilichonyamaza ni kibodi.

Kwenye iPhone mgawanyiko ni ule ule, ila majina hubadilika. Mtetemo wa mlio na ule wa kugusa unakaa chini ya "Sounds & Haptics", ambapo "System Haptics" ndiyo inayohusu vidole. Mtindo wa mtetemo huchaguliwa pamoja na mlio, na ukichagua "None" kwa mlio wa mtu mmoja, simu ya mtu huyo haitatetema kamwe hata kama za wengine wote zinatetema. Ila swichi inayosahaulika kuliko zote haiko hapo. Iko chini ya "Accessibility", kisha "Touch", ikiitwa "Vibration". Hiyo ikizimwa, mtetemo wote wa simu unakatwa, hata ule wa tahadhari za dharura, na dalili yake haitofautiani hata kidogo na mota iliyokufa. Nimewahi kumrudishia mtu simu yake baada ya sekunde kumi kwa ajili ya swichi hiyo. Alikuwa ameshaambiwa kwingine kwamba mota inapaswa kubadilishwa.

Kuuliza mfumo wenyewe kama ulituma mtetemo

Ikiwa mipangilio imepitiwa na bado kimya, njia ya haraka kwa simu nyingi ni ukurasa wa majaribio uliofichwa na mtengenezaji. Kwenye Samsung nyingi unaandika `*#0*#` katika sehemu ya kupigia simu, unatokea ukurasa wa vitufe, na kimoja kimeandikwa "Vibration". Kwenye Xiaomi `*#*#6484#*#*` hufungua orodha ya majaribio ambayo mtetemo umo. Majaribio haya yana thamani kubwa kwa sababu hayajali hali ya kimya wala kibodi. Simu ikitetema humo, rudi kwenye mipangilio, kwa kuwa kuna kitu umekiruka.

Lakini kwa Android 12 na kuendelea ipo njia ninayoipenda zaidi, kwa sababu haijibu ndiyo au hapana tu, bali inaeleza sababu. Utahitaji kompyuta yenye `adb`, yaani programu inayotuma amri kwenye simu kupitia waya wa USB, na kwenye simu uwashe "USB debugging" ndani ya "Developer options", ambazo hufunguka ukigonga mstari wa "Build number" mara 7. Kioo kiwe kinawaka, kisha tuma amri ya kutetema kwa sekunde 5, yaani milisekunde 5000:

```
adb shell cmd vibrator_manager synced -f oneshot 5000
```

Alama ya `-f` inaiambia simu ipuuze hali ya kutosumbuliwa. Simu ikitikisika, mota ni nzima. Isipotikisika, usihukumu bado. Muulize mfumo anakumbuka nini:

```
adb shell dumpsys vibrator_manager
```

Maandishi yatakayotoka ni mengi, lakini tafuta historia ya mitetemo iliyopita, ambapo kila mtetemo umeandikwa na saa yake, programu iliyouomba na hatima yake. Hatima hiyo ndiyo shahidi wetu. Ikisomeka `IGNORED_FOR_SETTINGS`, maana yake mfumo ulipokea ombi ukalikataa kwa sababu ya mipangilio. `IGNORED_FOR_POWER` ni kiokoa betri. Kuna matoleo yanayoandika maneno hayo kwa herufi ndogo, ila maana haibadiliki. Ipigie simu hiyo mwenyewe, uache iite kidogo, kisha uisome historia tena, utaona hatima ya mtetemo wa simu uliyoipiga punde hivi badala ya kukisia.

Hatima moja hushangaza watu, nayo ni `FORWARDED_TO_INPUT_DEVICES`. Hiyo inamaanisha kwamba mtetemo umepelekwa kwenye kifaa kingine, kwa mfano kidhibiti cha michezo kilichounganishwa kwa bluetuthi, na kidhibiti hicho kinatetema peke yake ndani ya droo huku mwenye simu akiilaumu mota.

Ikisomeka `FINISHED` na simu haikutikisika, basi umepata jibu kubwa. Mfumo unaamini umefanya kazi yake. Hapa ni muhimu kuelewa kwamba mota ya kawaida haina njia ya kumwambia mfumo kama imezunguka au la. Simu hutuma umeme kwa muda ulioombwa, muda ukiisha huandika kwamba imemaliza. Neno hilo ni ushahidi kwamba programu haina lawama, na kwamba hitilafu iko chini yake: kwenye chipu inayoendesha mota, kwenye njia ya umeme, au kwenye mota yenyewe. Ikisomeka `IGNORED_UNSUPPORTED`, au ukituma amri ifuatayo na isirudishe namba yoyote, tatizo ni la namna nyingine:

```
adb shell cmd vibrator_manager list
```

Orodha tupu inamaanisha mfumo hauoni kabisa kifaa cha kutetemesha. Kwa kuwa mota ikitolewa mara nyingi mfumo hauna habari, orodha tupu haielekezi kwenye mota bali kwenye programu ya chini au kwenye chipu inayoiendesha, na hutokea zaidi kwa simu iliyowekewa mfumo usio wake. Kuibadilisha mota katika hali hiyo ni kupoteza fedha.

Mota za aina mbili, na kwa nini hazipimwi kwa njia moja

Kabla ya kufungua, ni vizuri kujua utakutana na nini. Aina ya kwanza ni mota inayozunguka. Ni mota ndogo ya umeme wa moja kwa moja yenye uzito ulioegemea upande mmoja wa ekseli, kwa hiyo inapozunguka huyumba, na kuyumba huko ndiko mtetemo. Zipo zilizo kama bomba dogo lenye kichwa cha chuma cha nusu duara, na zipo zilizo bapa kama kidonge, mara nyingi zenye kipenyo cha karibu milimita 10 na unene wa karibu milimita 3, ambazo uzito wake umefichwa ndani. Hufanya kazi kwa takribani volti 3.

Aina ya pili haizunguki. Ndani yake kuna koili, sumaku na springi, na uzito husogea mbele na nyuma katika mstari mmoja. Inaendeshwa kwa umeme unaobadilika mwelekeo, kwa masafa yanayolingana na springi yake, ambayo kwa kawaida huwa kati ya hezi 150 na 235. Ndiyo inayotoa kigongo kifupi na kikavu, tofauti na mngurumo wa ile ya kwanza. Kwenye iPhone inaitwa Taptic Engine na imo tangu iPhone 6s ya mwaka 2015. Katika iPhone 7 kitufe cha chini hakibonyei kwa kweli, ila mota hiyo ndiyo inayomfanya mtu ahisi kimebonyea. Kwa hiyo ikinyamaza, mwenye simu huja akilalamikia kitufe, wala hataji mtetemo hata mara moja.

Tofauti hii ina maana kubwa mezani. Mota inayozunguka unaweza kuijaribu kwa betri mbili ndogo za volti 1.5 zilizounganishwa mfululizo: ikiwa nzima, itanguruma kwenye vidole. Mota ya mstari ukiigusisha kwenye betri hizo hizo itatoa kigongo kimoja tu, kisha kimya, na kimya hicho si ugonjwa. Umeme wa moja kwa moja unausukuma uzito upande mmoja na kuubana huko. Usiuache umeunganishwa, kwa sababu koili itapata moto bure. Nimeona mota nzima kadhaa za aina hii zikitupwa kwa sababu mpimaji alisubiri mngurumo ambao haungekuja.

Kisa kimoja, kuanzia malalamiko hadi skrubu

Nieleze simu moja niliyoletewa, kwa kuwa ndani yake karibu kila hatua ilijitokeza. Ilikuwa ya Android, imebadilishwa betri kwingine wiki chache kabla, na mwenyewe alisema kwamba tangu siku ile haikutetema tena, si kwa simu wala kwa kibodi. Maneno "tangu siku ile" yana uzito. Mota ikifa kwa uzee kwa kawaida hutoa dalili kwanza: hudhoofika, hukwaruza, au hutetema siku moja na kunyamaza nyingine. Ikinyamaza kabisa siku ile ile simu ilipofunguliwa, mtuhumu kwanza aliyeifunga, ndipo umtuhumu mota.

Nilituma amri ya sekunde 5, nikapata kimya, na historia ikasoma `FINISHED`. Kabla ya kufungua nilifanya jaribio moja linalogharimu sekunde chache tu: nikatuma amri tena, na wakati huo nikawa nabonyeza mgongo wa simu kwa kidole gumba, taratibu, kuanzia kona za juu nikishuka. Nilipofika chini, upande wa spika, simu ilinguruma kwa unyonge. Nikiachia, inanyamaza. Nikibonyeza, inanguruma. Jaribio hilo lilisema kwamba mota inazunguka, umeme upo, na kinachokosekana ni mgusano.

Onyo hapa: usibonyeze mgongo uliobinuka, wala kioo kilichoanza kuinuka pembeni. Betri iliyovimba hufanya hivyo hivyo, na huweza pia kuisukuma mota itoke kwenye kiota chake. Ukiona uvimbe, zima simu, na shughuli ya mtetemo isubiri mpaka betri hiyo itoke.

Nilizima simu, nikaondoa mgongo, na kitu cha kwanza nilichochomoa kilikuwa konekta ya betri, kabla ya kugusa skrubu nyingine yoyote. Katika simu ile mota ya kidonge ilikuwa imebandikwa ndani ya kifuniko cha plastiki cha spika, na chini yake zimetoka springi mbili ndogo za shaba. Mota haina waya unaokwenda popote. Kifuniko kikifungwa, springi zile hukandamizwa juu ya pedi mbili za rangi ya dhahabu zilizo kwenye bodi ndogo ya chini, na mgusano huo ndio njia yote ya umeme. Muundo huu ni wa kawaida sana, na ndio unaofanya kubadilisha betri kuwe na uhusiano na mtetemo, kwa sababu kifuniko cha spika kinaweza kutolewa katika kazi hiyo.

Nilichokuta ni mambo matatu madogo. Springi moja ilikuwa imelala, ya pili imesimama. Juu ya pedi moja palikuwa na utando wa gundi, usioonekana mpaka uinamishe bodi kwenye mwanga, pengine umevutwa na kidole kutoka kwenye gundi ya betri. Na kifuniko chenyewe kilikosa skrubu moja kati ya zile zinazokikandamiza, ile iliyo karibu kabisa na mota. Kila kimoja peke yake huenda kisingetosha kuinyamazisha simu, lakini vyote vitatu pamoja vilitosha.

Hata hivyo sikutaka kuamini macho tu. Niliweka multimita kwenye kipimo cha omu 200 na kugusa springi mbili za mota, nikapata 31. Mota za kidonge huwa na makumi kadhaa ya omu, na kile unachotafuta si namba kamili bali kutokuwepo kwa pande mbili za hatari: kipimo kisicho na mwisho, ambacho ni koili au brashi iliyokatika, na kipimo cha karibu sifuri, ambacho ni mzunguko mfupi. Mota ya mstari kwa kawaida husoma chini zaidi, kuanzia omu 8 hivi hadi 25. Jambo la kukumbuka kwa mota inayozunguka ni kwamba brashi zake zinaweza kuwa zimesimama mahali pabaya, kwa hiyo ukipata kipimo kisicho na mwisho, igonge kidogo kwa kucha na upime tena kabla ya kuihukumu.

Kisha nikarudisha konekta ya betri, nikawasha simu ikiwa wazi, nikatuma amri ya sekunde 5 na kuweka ncha za multimita kwenye pedi mbili. Ilisoma karibu volti 3 kwa muda wote wa amri, kisha ikashuka. Kipimo hiki kinahitaji mkono uliotulia, kwa maana ncha ikiteleza na kuunganisha pedi na kitu cha jirani, utakuwa umejitengenezea tatizo kubwa kuliko lile lililokuleta; asiyezoea na asikifanye. Kwa mota ya mstari kipimo hicho hufanywa kwenye upande wa umeme unaobadilika, tena mota ikiwa imeunganishwa, kwa sababu baadhi ya chipu zinazoiendesha hutafuta mwitikio wa mota na hazitoi kazi ya kawaida zisipoipata.

Basi hesabu ikawa rahisi: mota nzima, bodi inatoa umeme, kilicho katikati kibovu. Nilifuta pedi kwa kijiti cha pamba kilicholoweshwa pombe ya isopropili, nikaiacha ikauke, nikainua springi iliyolala kwa kibano chenye ncha nyembamba hadi ikawa sawa na mwenzake. Hapo subira inahitajika, kwa kuwa springi hizo zikikunjwa mara mbili tatu hukatika shinani. Kisha nikatafuta skrubu yenye urefu ule ule wa zile nyingine. Skrubu ndefu kupita kiasi hupenya hadi kwenye tabaka za bodi au kusukuma kioo kutoka nyuma, na kwa hiyo afadhali pabaki wazi kuliko kuweka yoyote iliyo karibu. Kifuniko kikafungwa, amri ikatumwa, simu ikanguruma juu ya meza na kuanza kusogea yenyewe.

Dalili zinazoelekeza kwingine

Mambo hayaishii hivyo kila mara, na dalili huonyesha tofauti mapema. Simu iliyoingia maji kisha ikatetema kwa unyonge, ikawa inakwaruza, halafu ikanyamaza baada ya siku kadhaa, ina uwezekano mkubwa wa kutu ndani ya mota inayozunguka. Ukiigonga kidogo simu huku amri inaendelea, ikaamka kwa sekunde mbili na kufa tena, ni brashi au ekseli iliyonata. Mota hizo zimefungwa kiwandani na hazitengenezeki, badilisha. Lakini kabla ya kufunga mpya angalia pedi za bodi, maana kutu iliyoimaliza mota haikuishia kwenye mota peke yake, na pedi yenye rangi ya kijani itainyamazisha na mpya pia.

Simu iliyoanguka na sasa inatoa mlio wa kugonga bila kutikisika sawasawa ina mota inayozunguka huku uzito umelegea, au mota nzima iliyobanduka kwenye gundi yake ikawa inacheza ndani ya kiota. Ya pili ni ya kawaida na ni rahisi: utepe mpya wa gundi ya pande mbili unatosha. Mota isiyoshikwa vizuri huyumba yenyewe badala ya kuuyumbisha mwili wa simu, kwa hiyo mwenye simu husikia sauti lakini hahisi kitu.

Ikiwa mota inatumia waya bapa wenye konekta, kama ilivyo kwenye simu nyingi zenye mota ya mstari, chomoa konekta hiyo na uichomeke tena kabla ya kupima chochote, halafu uangalie waya wenyewe kwenye kona zake, hasa pale unapopita chini ya betri au skrubu. Mota ikiwa kwenye bodi ndogo ya chini, kumbuka pia ule waya bapa mkubwa unaoiunganisha bodi hiyo na bodi kuu. Ukiwa umelegea au umechanika, mara nyingi mtetemo haunyamazi peke yake: maikrofoni husumbua, chaji hukatika, au spika hufifia. Mtetemo ulionyamaza pamoja na mojawapo ya hayo unakuonyesha waya huo, na hakuna sababu ya kununua mota.

Inabaki hali moja, ambayo ni ngumu kuliko zote: historia inasoma `FINISHED`, mota inapimika vizuri na inanguruma kwenye betri ndogo, pedi ni safi, waya ni mzima, lakini multimita haioni umeme wowote wakati wa amri. Hapo hitilafu iko kwenye chipu inayoendesha mota au kwenye njia yake ndani ya bodi kuu, na kazi yake ni ya hadubini na hewa ya moto. Kwa simu ambayo mengine yote yanafanya kazi, maoni yangu ni kwamba mwenye simu aulizwe kwanza kama yuko tayari kuiweka bodi nzima kwenye hatari ya moto huo kwa ajili ya mtetemo. Wengi wakielezwa hivyo huchagua kuongeza mlio, au kuwasha taa ya kamera imulike simu inapoita, jambo ambalo iPhone na simu nyingi za Android zinalo ndani ya mipangilio ya usaidizi.

Mota ikiwa imerudi, usiifunge simu moja kwa moja kwa gundi. Ikandamize mgongo kwa mkono, ipigie, uiweke juu ya meza ngumu kisha juu ya kitambaa, na usikilize. Mngurumo ulio sawa juu ya meza na kitambaa ni mzuri. Ukisikia mlio wa plastiki unaogongana ambao unatoweka ukibonyeza sehemu moja, kuna skrubu au springi bado haijakaa, na huu ndio wakati wa kurudi ndani, kabla gundi haijashika.